Simu Aliyotumiwa Mzee Uzi

Mzee Uzi alikuwa haoni, na binti yake aliyekuwa ng'ambo alikuwa hajui. Siri hiyo ilikuwa imekaa ndani ya nyumba ile mwaka wa nne sasa, na aliyeibeba kuliko wote alikuwa mkaza mwana, mke wa mwanawe, maana mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana leo na kupotea wiki mbili. Kutwa nyumbani walibaki wawili, baba mkwe na mkaza mwana.

Mzee alikuwa fundi cherehani, na jina la Uzi alipewa na wateja wake mpaka likafuta lile la kuzaliwa. Presha ya macho ilimwingia bila hodi. Ilianza kumla pembeni, akawa anajigonga kwenye miimo ya milango na kuwalaumu walioijenga. Kisha ikasogea katikati. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba kilichokwenda hakirudi, na matone aliyoandikiwa yalikuwa ya kulinda kile kidogo kilichobaki. Kidogo chenyewe nacho hakikudumu.

Siku ile waliporudi kutoka hospitali, mzee aliwaita mwanawe na mkaza mwana sebuleni, akakaa kwenye kiti chake kando ya cherehani.

"Mama asijue," alisema.

Mama ni huyo binti wa ng'ambo. Alipewa jina la mama yake mzee, kwa hiyo tangu yuko mgongoni baba yake hakuwahi kumwita vinginevyo.

"Baba, huyo ni damu yako," mwana alisema. "Tutamficha mpaka lini?"

"Mpaka apate karatasi zake. Akijua atakuja. Na akija, ndiyo imetoka. Hatarudi tena kule."

Ilikuwa kweli. Alikwenda kwa kibali cha kazi, kibali kikaisha, akabaki. Sasa alikuwa amepeleka maombi ya kukaa kihalali, na wakili wake alishamwonya kwamba akivuka mpaka kabla hayajajibiwa, maombi yanakufa na mlango unafungwa nyuma yake. Alishakaa huko zaidi ya miaka kumi akilea wazee wa watu, kuwaogesha, kuwalisha, kuwasukuma kwenye viti vya magurudumu, akingojea hiyo karatasi.

Basi waliapa, na siri ikakalika vizuri kwa sababu ya simu. Simu ya mzee ilikuwa ya batani, ndogo kama kipande cha sabuni, yenye tochi kichwani ambayo yeye haikumfaa tena. Batani zake alizijua kwa kidole kama alivyojua vishikizo vya shati. Kwenye tano kulikuwa na kinukta kilichoinuka. Ukikipata hicho, namba nyingine zote zinajileta zenyewe. Tena mwanawe aliitega: ukibonyeza mbili ukaikandamiza, inampigia Mama moja kwa moja. Mzee angeacha ilie mara moja, akate, kwa sababu kupiga nje kunakula vocha kama moto unavyokula nyasi. Binti akiona bip ya baba yake, alipiga yeye. Simu ikilia, mzee alibonyeza batani ya kushoto juu, akaiweka sikioni, na mazungumzo yakaanza.

Wangeongea mpaka sikio lipate joto. Mzee alimwambia mvua imenyesha, kwa kuwa aliisikia kwenye bati la paa. Alimwambia mahindi yamestawi, kwa kuwa mkaza mwana alimwambia. Akaulizwa, "Macho je, baba, bado unatunga uzi mwenyewe?" akajibu, "Tunamshukuru Mungu," na huo haukuwa uongo, ila haukuwa jibu. Katika simu ile hakuna aliyemwona mwenzake. Walikuwa sawa.

Ndipo binti akachoka na sauti.

"Wifi," alimwambia mkaza mwana siku moja, "namsikia baba kama mtu aliye ndani ya mtungi. Wenzangu wote hapa wanawaona wazazi wao. Mimi tu ndiye nalea wazee wa watu nawaona mpaka makunyanzi, wangu simwoni. Nimenunua simu. Nzuri, ya kupangusa. Kuna mtu anakuja huko, nimempa ailete."

 Mkaza mwana akaanza kutafuta pa kutokea.

"Wifi, ni wazo jema. Lakini huku umeme hakuna, tunachajisha dukani. Ile ya batani inakaa na chaji wiki. Hizi za kupangusa jioni tu imezima."

"Nimeweka na paneli ya jua, na betri ya akiba. Utaining'iniza juani, basi."

"Na intaneti huku inakuja ikitaka. Mpaka usimame nyuma ya choo."

"Basi atakaa nyuma ya choo, mradi nimwone."

"Bando nalo—"

"Bando nitanunua mimi nikiwa huku huku, linaingia kwenye laini yake."

Mkaza mwana akaishiwa. "Baba ameizoea hii yake, wifi. Mzee na kitu kipya, unajua mwenyewe."

 Wifi yake akasema kwa sauti nyingine kabisa:

"Kuna nini humo ndani ambacho hutaki nikione?"

"Hakuna kitu, wifi."

"Maana kila ninalosema unaliwekea gogo. Baba yangu anakula? Analala pazuri? Au mnamtangazia watu kwamba mnamtunza, kumbe?"

Mwenye kumtia mzee matone, kumkatia kucha, kumpeleka na kumrudisha, akaambiwa hivyo. Aliumeza mwiba ule. Angefanya nini? Angejitetea, angesema. Na akisema, amevunja kiapo cha mzee.

Simu ililetwa na mumewe, aliyeichukua mjini kwa huyo msafiri. Ilikuwa nyeusi, pana, inang'aa kama kigae kilichotoka kuoshwa. Mke alimwuliza usoni, "Unajua fika baba yako haoni. Kioo hiki atakipapasa wapi?"

"Tungemjibu nini dada? Kwamba zawadi yake hatuitaki?"

"Tungemwambia ukweli."

"Kamwambie wewe baba kwamba unataka kusema ukweli," mume alisema, na wote wawili walijua hakuna atakayekwenda.

Laini ya mzee ilikuwa ya zamani, pana, haiingii kwenye tundu la simu mpya. Fundi simu wa sokoni aliikata kwa kibanio chake, tak, ikabaki kichipu tu. Na ile simu ya batani? Mume akaichukua aitumie safarini, kwa kuwa chaji yake haimtupi mtu njiani. Akaondoka nayo kesho yake.

Mzee aliishika simu mpya kwa mikono miwili. Aliipitisha kidole gumba mbele, akaigeuza, akaipitisha nyuma, akarudi mbele.

"Batani ziko wapi?"

"Hazipo, baba. Zinachorwa kwenye kioo."

"Zinachorwa," mzee alirudia. Akaguna. "Kwa hiyo mimi nimeletewa picha."

Mkaza mwana alimfundisha kwa subira yote aliyojaliwa. Simu ikilia, weka kidole upande wa chini wa kioo, katikati, upangushe kwenda juu, ndiyo kupokea. Ukipangusa kwenda chini, umekata. Akabandika kipande cha plasta ya kidonda kwenye fremu, chini kabisa, ili kidole kipate pa kuanzia. Mchana wakajaribu mara nyingi, mzee akapatia, wakacheka. Lakini kidole cha fundi cherehani ni kikavu, kimeota sugu ya sindano, na kioo mara kinamsikia mara hakimsikii. Na simu ikilia mtu akashikwa na haraka, nani amkumbushe kuipapasa plasta ajue kama ameishika juu chini?

Siku moja mkaza mwana alikwenda shamba. Aliporudi alimkuta mzee amekaa kibarazani, shati limemganda kwa jasho, simu iko mapajani.

"Imelia weee," mzee alisema. "Nimeipangusa kila upande. Kila nikipangusa inanyamaza. Nikidhani ameingia naita, 'Mama! Mama!' kumbe naita hewa."

Mkaza mwana aliiangalia. Ile plasta ilikuwa juu. Mzee alikuwa ameigeuza kichwa chini miguu juu, na kila alipopandisha kidole, alikuwa anamkata bintiye.

Jioni simu ikalia tena, mkaza mwana akapokea. Uso wa wifi yake ukajaa kiooni, macho mekundu.

"Nani anakata simu zangu?"

"Ni bahati mbaya, wifi. Baba bado anajifunza."

"Kajifunza kukata tu? Kila nikipiga, imekataliwa. Kila nikipiga, imekataliwa. Ni wewe. Simu yangu unaikata wewe, unamwambia baba sijapiga. Mpe baba simu."

Mkaza mwana akampa mzee simu, na mzee, kwa mazoea ya miaka, akaiweka sikioni.

"Baba! Naona sikio! Toa simu sikioni, baba, nikuone!"

Hapo hata mkaza mwana alicheka, kicheko kikamtoka na machozi pamoja. Akaishika simu ile, akaiegemeza kwenye cherehani mbele ya mzee, kisha yeye akapita nyuma ya cherehani akachuchumaa asionekane, akamgusa mzee goti. Maana yake: tazama hapa, sauti inakotoka.

Ndivyo mchezo ulivyoanza. Kila Jumapili aliiegemeza simu kwenye cherehani, akapita nyuma na kuchuchumaa. Goti mara moja, tazama mbele. Mara mbili, tabasamu. Binti akiuliza, "Baba, mbona hunitazami machoni?" mzee alisema, "Kioo kinaniumiza, kinameremeta mno." Akiuliza, "Nimenenepa?" mzee alisema, "Kidogo, lakini ni unene wa afya." Mkaza mwana alitafuna kanga yake kwa wasiwasi. Akawa anawaza kwamba hata wezi hupumzika.

Mzee mwenyewe alianza kuchukia Jumapili. Zamani aliisubiri simu kama mtoto anavyosubiri wageni. Sasa akinyolewa na kuvishwa shati la kutokea alikuwa mnyonge.

"Naigiza mbele ya mwanangu," alimwambia mkaza mwana. "Simsikii hata anachosema, naogopa tu nisitazame ukuta."

Jumapili nyingine binti akaingia na furaha nyingi mno.

"Baba, leo nina kitu cha kukuonyesha. Yule bibi ninayemlea ana cherehani ya zamani, ya mkono kama yako ya kwanza. Kaniruhusu niitumie. Nimeshona gauni, baba! Mimi mwenyewe, kwa yale uliyonifundisha. Nataka uniambie ukweli, mshono wa begani umenyooka au umepinda?"

Mkaza mwana nyuma ya cherehani hakuona kiooni kuna nini. Alijua tu kwamba ni wakati wa kusifu. Akamgusa mzee goti mara mbili.

Mzee akatabasamu. "Umenyooka, mama. Safi kabisa. Mkono wako umekuwa wa fundi."

Mzee akasubiri ashukuriwe.

"Mama? Mtandao umekata?"

"Haujakata, baba." Sauti ilitoka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Sijageuza kamera. Gauni bado liko kitandani. Hapo unaona dari."

Mkaza mwana aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa chuma cha baridi cha cherehani.

"Baba, inua mkono. Nimeweka vidole mbele ya kamera. Ni vingapi?"

Mzee hakuinua mkono.

"Baba, ni vingapi?"

"Sijui, mama," mzee alisema. "Sijui."

Kilio kilichotoka kwenye kile kioo mkaza mwana hakuwahi kukisikia msibani. Alipokisikia alitoka alikojificha, akakaa kando ya mzee ili aonekane. Angalau hilo.

"Tangu lini?" wifi yake aliuliza.

"Mwaka wa nne sasa," mkaza mwana alijibu.

"Na wewe ulijua. Unachuchumaa humo nyuma kama mganga wa uongo, unamchezesha baba yangu."

"Mimi ndiye niliyekataza," mzee alisema. "Usimguse mkwe wangu. Nilitaka upate karatasi zako."

"Baba, yule bibi ninayemlea naye haoni! Simu yake ni hii hii ya kupangusa. Ina sauti ya kumsomea. Akigusa kitu inamtajia, akigusa mara mbili inapokea. Nimemtegea mimi mwenyewe! Kwa mkono wangu! Mngeniambia neno moja tu, ningekutegea na wewe. Au ningesema baki na ile ya batani. Mimi ndiye niliyekunyang'anya simu uliyokuwa unaiweza, na mkaniacha ninyang'anye." Akajipangusa uso. "Nakuja."

"Huji."

"Nakuja, baba."

"Nikikusikia mlangoni kwangu, mama, sitakuitikia." Mzee alisimama, mkono ukitafuta ukuta. "Nimekaa gizani na mdomo nimefunga, kwa ajili gani? Ili uje unishike mkono unipeleke chooni? Yupo anayenipeleka. Kaa huko!"

Mkaza mwana akaachiwa simu, lakini picha ilikuwa imeshakatika.

Baada ya hapo mzee alitaka simu yake ya zamani. Mkaza mwana akampigia mume, na mume akaileta alipopita, pamoja na fremu ya plastiki ya kuivalisha ile laini iliyokatwa. Mzee alikandamiza mbili, ikalia mara moja, akakata, akasubiri. Alisubiri siku ile na iliyofuata. Binti hakupiga. Hasira, walidhani, ataipoza. Mzee akaendelea kubip kila alfajiri, na baadaye sauti ya mwanamke wa kampuni ikawa inamjibu kwamba namba hiyo haipatikani.

"Kabadilisha namba asinisikie," mzee alisema, na alisema kwa nafuu, kama mtu aliyeshinda ubishi. "Basi vizuri. Anikasirikie akiwa huko."

Hakuwa amebadilisha namba. Alikuwa njiani.

Alishuka kwenye bodaboda adhuhuri moja, na sanduku moja na mkoba, mwembamba kuliko alivyoonekana kiooni. Mkaza mwana alikuwa anapepeta mahindi. Walitazamana. Hakuna aliyejua kama inafaa kukumbatiana, wakakumbatiana vibaya, bega kwa bega.

"Na karatasi?" mkaza mwana aliuliza.

"Zilikuwa bado," wifi yake alijibu. "Sasa basi."

Mzee alikuwa ndani. Aliusikia mlango, akaisikia hatua, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Ulifunguka hivyo kwa pumzi moja tu. Kisha akaufunga.

"Baba, nimekuja."

Mzee aligeukia ukutani. Alikuwa ameahidi hataitika, na Mzee Uzi hakuwahi kumwambia mteja siku akaikosa. Binti alipiga magoti, akamshika miguu, akalia juu yake. Mzee akaweka mkono mmoja kichwani pake, akaufuata msuko wa nywele mpaka kisogoni, lakini neno hakutoa. Hakutoa siku ile, wala wiki ile. Aliposema hatimaye, alisema na mkaza mwana: "Mwambie aliyekuja kwamba maji ya kuoga yana baridi."

Basi wakaishi hivyo, watatu. Binti alichukua kazi zote za mzee kwa mkono wa mtu aliyesomea, akazifanya vizuri kuliko mkaza mwana, na mkaza mwana akabaki na jembe na jiko. Ile simu ya kupangusa binti aliitegea sauti, akamwekea baba yake mezani. Ilijua kusema saa, ilijua kusema nani anapiga. Lakini aliyekuwa anapiga kutoka ng'ambo sasa alikuwa kwenye chumba cha pili, na hakuna mwingine. Simu ilikaa pale na paneli yake, chaji imejaa, haina kazi. Mzee hakuigusa.

Asubuhi moja wanawake wale wawili walikuwa wanafua nyuma ya nyumba. Shati la mzee la Jumapili lilikuwa ndani ya beseni, na binti alikuwa ameshika kola yake, anaisugua pale pale muda mrefu bila kuendelea.

"Unajua kinachoniuma, wifi?" alisema. "Sio karatasi. Karatasi nimezililia zimeisha."

"Ni nini?"

"Mlipomtoa hospitali mara ya kwanza, alikuwa bado anaona?"

Mkaza mwana alitamani kudanganya, na alikuwa na uzoefu. "Alikuwa anaona kidogo. Katikati. Uso wa mtu akimkaribia aliuona."

"Kwa muda gani?"

"Kama mwaka hivi."

Wifi yake akatikisa kichwa polepole, akalikamua shati, maji yakachuruzika kwenye miguu yake.

"Mngeniambia, ningekuja wakati ule," alisema. "Ningekosa karatasi vile vile. Lakini angeniona."

 Mkaza mwana alinyoosha mkono akapokea lile shati, akalitandaza kwenye kamba, akalivuta mikono yote miwili linyooke.